Wekundu wa mtumbwi unapauka nikiubandika kwenye bango

"Shikamoo mwalimu. Nina ofisi ndogo ya mabango hapa Kirumba. Mteja wangu wa Mwaloni amepigiwa picha ya mtumbwi wake na mtu mwenye kamera nzuri. Nikiukata mtumbwi na kuubandika kwenye bango nililolianza, ule wekundu wa ubavuni unapauka unakuwa kama tofali. Mafaili yote mawili yako wazi kwenye kioo kimoja, natumia Photoshop, na rangi sijaigusa kabisa. Nibandikeje ili rangi ibaki vilevile?"

Marahaba. Kwa kusema kwamba mafaili yote mawili yako kwenye kioo kimoja, umenipunguzia kazi. Kioo kibovu kingeharibu wekundu pande zote mbili. Wewe unauona mzuri upande mmoja na mbovu upande wa pili, kwa hiyo kasoro iko kati ya mafaili yenyewe.

Ndani ya picha hakuna rangi, kuna namba. Kila nukta ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kuanzia 0 hadi 255. Peke yake namba hizo hazitaji rangi yoyote kwa uhakika. Mtu akikwambia pale mpakani Sirari kwamba anakupa elfu moja, utauliza kwanza ni elfu ya Kenya au ya Tanzania. Profaili ya rangi ndiyo inayojibu swali hilo kwa picha. Ni maelezo mafupi yaliyofungwa ndani ya faili yanayosema namba hizi zisomwe kwa kipimo gani. Vipimo viwili utakavyokutana navyo sana ni sRGB, ambacho kompyuta, simu na mitandao hukitumia, na Adobe RGB (1998), ambacho ni kipana zaidi, hasa upande wa kijani, na wapiga picha wengi hukichagua kwenye kamera zao.

Nadhani picha ya mteja wako ni ya Adobe RGB. Angalia jina la faili kama lilivyotoka kwenye kamera. Kamera nyingi zikiwekwa kwenye Adobe RGB huanza jina kwa kistari cha chini. Nikon huandika `_DSC` badala ya `DSC_`, na Canon huandika `_MG_` badala ya `IMG_`. Kama jina limeshabadilishwa, fungua picha kwenye Photoshop, ubonyeze kamshale kadogo kaliko chini ya dirisha upande wa kushoto, uchague `Document Profile`. Jina la profaili litaandikwa hapohapo. Fanya hivyo kwa picha, kisha kwa bango.

Kwenye bango nategemea utaona `Untagged RGB`. Hata kichwa cha dirisha kitakuonyesha: baada ya `RGB/8` kutakuwa na alama ya `#`, maana yake faili halina profaili. Ukiona nyota, `*`, profaili ipo ila si ile uliyoiweka kuwa ya kazi za kila siku.

Kwa nini nalishuku bango na si picha? Kwa sababu picha unaiona nzuri dirishani kwake. Ingekuwa imepoteza profaili, Photoshop ingeisoma kwa kipimo chako cha kawaida, ambacho kwa wengi ni sRGB, na wekundu ungepauka tangu ulipoifungua. Wako unapauka baada ya kuvuka, na hilo hutokea pale faili linalopokea halina profaili. Photoshop ikikuta pande zote mbili zina profaili, kwa mipangilio ya kawaida hubadilisha namba yenyewe kimyakimya na rangi hubaki. Ikikuta upande mmoja hauna, haijui ibadilishe kutoka wapi kwenda wapi, kwa hiyo inahamisha namba kama zilivyo. Elfu ya Kenya inapokelewa dirishani kama elfu ya Tanzania.

Mabango yasiyo na profaili hupatikana kirahisi mno. Ukianzia kwenye mfano ulioushusha mtandaoni, JPEG au PNG, mara nyingi haukuja na profaili. Ukifungua faili jipya, kuna sehemu ya `Color Profile` ambayo ikiachwa kwenye `Don't Color Manage` inakupa faili lisilo na kipimo. Na kama umekuwa ukilirithi bango la mwaka jana, ukifuta maandishi ya zamani na kuweka mapya, huenda kasoro hii unaitembeza tangu mwaka jana.

Tuufuate wekundu huo kwa namba. Tuseme ubavuni mwa mtumbwi, ndani ya picha ya Adobe RGB, namba ni 199, 62, 45. Kwa kipimo hicho huo ni wekundu mkali, wa mtumbwi uliopakwa rangi jana. Rangi hiyohiyo kwa kipimo cha sRGB huandikwa 230, 60, 40. Tazama namba ya nyekundu ilivyopanda kutoka 199 hadi 230. Kipimo kipana kinahitaji namba ndogo kufikia wekundu uleule. Sasa bango lako lisilo na profaili linapokea 199, 62, 45 na kuzionyesha kama sRGB. Zikisomwa hivyo, ni rangi nyingine: imefifia, imeingia giza kidogo, na ndiyo hilo tofali lako.

Kwa hiyo dawa inaanzia kwenye bango, kabla hujabandika chochote. Nenda:

```
Edit > Assign Profile > sRGB IEC61966-2.1
```

Kama kipimo chako cha kazi ni sRGB, hutaona bango likibadilika hata chembe, kwa sababu Photoshop ilikuwa inalionyesha kwa sRGB tayari. Kilichoongezeka ni kwamba sasa linajulikana. Rudi kwenye picha, nakili mtumbwi upya, ubandike upya. Ule uliopauka ufute, usijaribu kuufufua kwa kuvuta vitelezi vya `Hue/Saturation`. Ukiupandisha wekundu wa ubavu kwa mkono, mbao, nyavu na ngozi ya mvuvi aliyeshika kasia vitapanda navyo, na kila kimoja kilikuwa kimepungua kwa kiasi chake.

Kisha ufunge mlango wenyewe. Fungua `Edit > Color Settings`. Kwenye `Working Spaces`, `RGB` iwe sRGB IEC61966-2.1. Kwenye `Color Management Policies`, `RGB` iwe `Preserve Embedded Profiles`, isiwe `Off`. Chini yake kuna visanduku vitatu, viwili vya `Profile Mismatches` na kimoja cha `Missing Profiles`. Viweke alama vyote vitatu. Wengi huvitoa kwa sababu vinaleta maswali kila wakati, lakini kwa ofisi inayopokea mafaili kutoka kwa kila mtu, maswali hayo ndiyo yanayokuonyesha tatizo wakati bado ni dogo.

Ukishafanya hivyo, ukibandika kitu chenye profaili tofauti utaulizwa uchague kati ya mambo mawili. La kwanza ni `Convert (preserve color appearance)`, yaani namba zibadilike ili rangi ibaki. La pili ni `Don't convert (preserve color numbers)`, yaani namba zibaki na rangi ibadilike. Kwa picha na kwa kila kitu cha RGB ambacho jicho la mteja linakijua, chagua la kwanza. Huenda hata wewe uliwahi kuulizwa swali hili, ukachagua la pili kwa sababu neno la kutobadilisha linasikika salama. Kama bango lako litaonyesha kwamba profaili ilikuwepo muda wote, basi huenda kisa ni hicho.

Macho yatakudanganya hapa, hasa ukikaa karibu na dirisha na jua la ziwani linaingia mezani, kwa hiyo tumia kipimo. Chukua `Color Sampler Tool`, bonyeza sehemu tulivu ya ubavu kwenye picha, mahali pasipo na mng'ao wa maji. Fungua paneli ya `Info`. Kwenye alama ya kinukta kilichojitokeza badilisha usomaji kuwa `Lab Color`. Lab hupima rangi yenyewe jinsi jicho linavyoiona, haijali faili linatumia kipimo gani. Andika namba zake kwenye karatasi. Baada ya kubandika, weka kinukta palepale kwenye bango na usome tena.

Kwa mfano wetu, kwenye picha utasoma Lab takriban 53, 65, 52. Ukibandika vizuri, kwenye bango utasoma zilezile, labda moja imesogea kwa namba moja kwa sababu ya kukadiria desimali, wakati namba za RGB zimebadilika kutoka 199, 62, 45 kuwa 230, 60, 40. Ukibandika vibaya utaona kinyume: RGB ni zilezile 199, 62, 45, na Lab imeanguka hadi karibu 47, 54, 42. Hiyo ya kwanza ni mwangaza, umepungua kwa 6. Mbili zinazofuata ni ukali wa rangi, zimepungua kwa 11 na kwa 10. Mtu yeyote mwenye macho ataona tofauti hiyo.

Kwa hiyo kumbuka ulinganisho huu, kwa maana wengi huusoma kichwa chini. RGB zikibaki zilezile kati ya faili la sRGB na la Adobe RGB, hiyo ni dalili ya kuharibika. Nimeona vijana wazuri wa kazi wakifurahi kwamba namba hazikusogea.

Sasa nakuomba usiingie kwenye shimo ambalo mimi niliingia. Miaka ya nyuma nilikuwa na bango la mteja mmoja, nikabandika picha ikapauka kama yako. Nikajaribu jaribu hadi nikaikuta `Assign Profile`, nikalipa bango zima Adobe RGB. Papo hapo wekundu ukarudi. Nikahifadhi, nikapeleka kuchapa. Sikuangalia sehemu nyingine za bango. Nembo ya mteja, iliyochorwa kwa sRGB, ilikuwa imekolea kupita kiasi, na nyuso za watu zilikuwa nyekundu kama waliokaa motoni. Mita sita za turubai zilirudiwa kwa gharama yangu. Kilichotokea ni kwamba `Assign` haigusi namba, inabadilisha tu jina la kipimo, na jina hilo linahusu kila kilichomo ndani ya faili. Niliponya kitu kimoja nikaviharibu vingine vyote. `Convert to Profile`, iliyo jirani yake kwenye menyu ileile, hufanya kinyume: inabadilisha namba ili rangi ibaki. `Assign` ni ya faili ambalo jina la kipimo chake limepotea au limeandikwa kimakosa. `Convert` ni ya faili linalojulikana kipimo chake na unalipeleka kwenye kingine.

Matumizi halali ya `Assign` utayakuta siku mpiga picha akikutumia mtumbwi aliokwisha kuukata mwenyewe, PNG isiyo na profaili. Hutokea akihifadhi kwa `Save for Web` bila alama kwenye `Embed Color Profile`, au faili likipita mahali panapolikamua na kulipunguza. Hapo utaiona imepauka tangu ukiifungua. Usiibandike bado. Ifungue peke yake, ipe `Assign Profile`, weka alama ya `Preview`, ujaribu Adobe RGB (1998), kisha sRGB. Tazama kitu ambacho unajua rangi yake bila kubahatisha: ngozi ya mtu, sare ya shule, gamba la sato. Kipimo kinachokifanya kionekane cha kweli ndicho sahihi. Kisha nakili na ubandike, na swali la kubadilisha litajileta lenyewe. Bora zaidi, mpigie simu umwombe faili la asili, na alitume kama waraka, si kama picha ya kawaida ya kwenye simu.

Kuna mipaka miwili ambayo hata ukifanya kila kitu sawasawa utaigusa.

Wa kwanza ni kwamba Adobe RGB ina rangi ambazo sRGB haina. Wekundu wa mtumbwi wako unaingia. Lakini kama nyuma ya mtumbwi kuna kitenge cha kijani kikali, au yale maji ya kijani-samawati ya asubuhi upande wa Capri Point, baadhi ya nukta zake hazina mahali pa kukaa ndani ya sRGB. Photoshop huzisukuma hadi ukingoni, kwenye rangi iliyo karibu zaidi. Utaiona dalili kwenye `Info`: namba moja imegota 0 au 255 katika eneo zima, na mikunjo ya kitenge uliyokuwa unaiona imekuwa bapa. Usipoteze muda kubadilisha `Intent` kutoka `Relative Colorimetric` kwenda `Perceptual` ukitegemea nafuu. Profaili hizi mbili hazina majedwali ya kubana rangi, kwa hiyo matokeo ni yaleyale. Unachoweza kufanya ni kupunguza ukali wa kijani kidogo kwenye nakala ya picha, ikiwa bado Adobe RGB, hadi mikunjo irudi, ndipo unakili. Nusu saa ya kazi hiyo inaonekana kwenye chapa.

Wa pili unahusu leya. Mtumbwi uliokatwa ukiwa kwenye leya moja ya kawaida huvuka bila shida. Lakini kama umeuwekea kivuli cha `Multiply`, au juu yake kuna leya ya `Curves`, hesabu za leya hizo zilifanywa kwa namba za Adobe RGB. Zikihamia sRGB zinafanya hesabu ileile juu ya namba tofauti, na jibu linakuwa tofauti, hata kama kila leya peke yake imebadilishwa vizuri. Kivuli kitakuwa kizito kidogo, au wekundu utateleza. Rudufu faili la picha, unganisha mtumbwi na leya zake za marekebisho kuwa leya moja, ndipo unakili hiyo. Kivuli kitengeneze upya kwenye bango.

Njia ninayoipenda mimi kwa kazi itakayofanyiwa marekebisho mengi ni kutonakili kabisa. Nahifadhi mtumbwi uliokatwa kama PSD yenye profaili yake ndani, kisha kwenye bango nachagua `File > Place Embedded`. Unaingia kama kitu chenye faili lake ndani. Ukikibonyeza mara mbili kinafunguka kikiwa bado Adobe RGB, na kwenye bango kinaonekana kimeshabadilishwa kuwa sRGB. Mteja akisema mtumbwi ukatwe upya sehemu ya kasia, naenda ndani, narekebisha, nahifadhi, na rangi haisogei.

Unapomaliza na kuhifadhi bango, angalia kisanduku cha profaili kwenye dirisha la kuhifadhi. Kwenye Windows kimeandikwa `ICC Profile` na jina lake, kwenye Mac ni `Embed Color Profile`. Kikiwa hakina alama, bango litatoka tena bila profaili na wewe utarudi ulipoanzia.

Nikuongezee neno moja la CMYK, yaani namba za wino nne za kuchapia, kwa kuwa mabango yako yanaishia kwenye mashine, na huko kanuni niliyokupa inageuka kwa kitu kimoja. Nembo nyingi na maandishi huwa na weusi safi: wino mweusi 100, na zile tatu nyingine 0. Ukihamisha nembo hiyo kutoka faili la CMYK lenye profaili moja, tuseme `U.S. Web Coated (SWOP) v2`, kwenda lenye `Coated FOGRA39`, na ukachagua kubadilisha ili rangi ibaki, Photoshop itaujenga weusi huo upya kwa wino zote nne. Kwenye kioo utaona ni weusi uleule. Kwenye chapa, karatasi ikisogea kidogo tu kati ya wino moja na nyingine, herufi ndogo zinazungukwa na kivuli cha waridi au samawati, na namba ya simu ya mteja haisomeki. Kwa nembo na maandishi ya namna hiyo chagua `Don't convert`, uhakikishe kwenye `Info` kwamba bado ni 0, 0, 0, 100. Picha za CMYK zenyewe endelea kuzibadilisha. Na kabla hujachagua profaili ya faili la kuchapa, muulize anayeendesha mashine anatumia ipi kwa karatasi au turubai ile, kwa sababu anayejua wino wake unavyokaa ni yeye.